Kisima kimoja, kamba mbili: kwa nini kifungo cha isotopu nzito kinachelewa kukatika

(Niliitoa hotuba hii mbele ya walimu wa kemia na wanafunzi wa kidato cha sita. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu, na hesabu nilizozifanya ubaoni nimeziweka mahali pake.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuja na mrija mmoja wa majaribio. Ndani yake kuna daikromati ya potasiamu iliyoyeyushwa kwenye asidi, na rangi yake mnaiona hata mlioko mwisho: chungwa lililoiva. Sasa nadondosha isopropanoli kidogo, ile alkoholi wanayoiuza kwa ajili ya kusafishia ngozi na vioo vya simu. Tusubiri. Chungwa linachafuka, linakuwa kama matope, halafu kijani kinaingia. Vipimo vya zamani vya kuwapima madereva ulevi vilitumia badiliko hilihili la rangi, tofauti ni kwamba alkoholi ilitoka kwenye pumzi ya dereva. Kromi iliyokuwa ya chungwa imepokea elektroni ikawa ya kijani, na isopropanoli imegeuka kuwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha.

Isopropanoli ina atomi nane za hidrojeni. Sita ziko kwenye kaboni mbili za pembeni, moja iko kwenye oksijeni, na moja imekaa peke yake kwenye kaboni ya katikati. Naomba mniwekee hiyo ya katikati kichwani. Mwaka 1949, kule Chicago, Frank Westheimer na mwenzake Nicolaides walitengeneza isopropanoli ambayo atomi hiyo moja tu imebadilishwa. Walitoa hidrojeni ya kawaida, wakaweka deuteri, yaani hidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada kwenye kiini. Nyingine saba hawakuzigusa. Wakaitia kwenye asidi ya kromiki, wakapima kasi. Mmenyuko ulikwenda kwa takriban sehemu moja ya sita ya kasi ya kawaida.

Nyutroni moja, na haina hata chaji! Imewezaje kuchelewesha kazi kiasi hicho?

Nikiri jambo kwanza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawajibu wanafunzi wangu hivi: deuteri ni nzito mara mbili, kwa hiyo inajivuta, kwa hiyo mmenyuko unachelewa. Hakuna aliyenibishia, kwa sababu jibu linaingia akilini upesi. Siku moja kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, ikiwa ni uzito tu, mbona si mara mbili?" Nikakaa kufanya hesabu, nikaona aibu. Kwenye joto moja, atomi nyepesi na atomi nzito zina wastani uleule wa nishati ya mwendo. Ukiongeza uzito mara mbili, kasi inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Hapo ndipo uzito unapoishia ukiuhesabu kama uvivu wa kutembea. Kutoka 1.41 hadi 6 ni mbali sana, na hakuna namna ya kuujaza mwanya huo kwa maneno.

Wengine hujibu kwamba kifungo cha deuteri kina nguvu zaidi. Hiyo ni nusu ya kweli, na hiyo nusu ndiyo inayotaka kufafanuliwa. Kinachoshika atomi mbili pamoja ni elektroni. Elektroni zinatazama chaji ya kiini, na kiini cha deuteri kina chaji ileile moja. Ile nyutroni ya ziada elektroni hazina habari nayo. Kwa hiyo ugumu wa kifungo, urefu wake, na nguvu inayotakiwa kukivuta kidogo kidogo mpaka kiachie, vyote ni vilevile kwa hidrojeni na kwa deuteri.

Hebu tuchimbe kisima. Chora mstari unaoonyesha nishati ya kifungo kadiri atomi mbili zinavyosogeleana au kuachana. Zikibanana mno, nishati inapanda kwa sababu zinasukumana. Zikivutwa mbali, inapanda tena. Katikati kuna shimo, na kifungo kinaishi humo shimoni. Kukata kifungo ni kumtoa mkazi wa shimo hadi mdomoni. Nimeshasema elektroni haziijui nyutroni, kwa hiyo kisima cha hidrojeni na kisima cha deuteri ni kimoja. Kina kina kilekile, kuta zilezile na mdomo uleule.

Lakini nyinyi mliokulia kwenye visima mnajua kwamba urefu wa kamba haupimwi kutoka mdomoni hadi kwenye sakafu ya kisima. Unapimwa kutoka mdomoni hadi kwenye maji. Masika maji yako juu, kiangazi yameshuka, na kisima ni kilekile. Hidrojeni ina maji ya masika, deuteri ina maji ya kiangazi. Hotuba yangu yote imo humo, kilichobaki ni kueleza maji hayo yanatoka wapi.

Atomi haiwezi kukaa tuli kwenye sakafu ya shimo. Hata uipoze mpaka baridi ya mwisho kabisa, itaendelea kutetemeka. Sababu yake ni kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927: huwezi kubana mahali ilipo atomi na mwendo wake kwa pamoja. Ingekaa sakafuni imetulia, tungejua iko wapi hasa na tungejua mwendo wake ni sifuri. Maumbile hayaruhusu. Kwa hiyo kila kifungo kina nishati isiyoweza kuondolewa, na ndiyo inayoitwa nishati ya nukta sifuri. Kwa kifungo kinachotetemeka kama springi, kiasi chake ni

E = ½hν

ambapo ν ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na h ni namba isiyobadilika ya Planck. Na idadi ya mitetemo yenyewe ni

ν = (1/2π)√(k/μ)

Hapo k ni ugumu wa springi, na tumeshakubaliana kwamba haubadiliki. μ ni uzito wa jozi, yaani uzito wa kaboni na mwenzake uliochanganywa kwa kanuni yake. Uzito umekaa chini ya mstari. Funga jiwe dogo kwenye springi, linacheza haraka. Funga kubwa kwenye springi ileile, linacheza taratibu. Mtetemo ukipungua, ν inashuka, na nishati ya nukta sifuri inashuka nayo. Deuteri inakaa chini zaidi kisimani.

Kwa hiyo uzito una kazi, ila si ile niliyokuwa nikiifundisha. Hauicheleweshi deuteri njiani. Unaiweka chini zaidi kabla safari haijaanza.

Tupime sasa. Mwanga wa infraredi unatuambia kwamba kifungo cha kaboni na hidrojeni kinatetemeka kwa takriban 2900 cm⁻¹, na cha kaboni na deuteri kwa takriban 2100 cm⁻¹. Hizo cm⁻¹ ni kipimo ambacho wapima mwanga wamekizoea. Kila 100 ni sawa na kilojuli 1.2 kwa moli. Chukua nusu ya kila moja: 1450 na 1050. Tofauti ni 400, yaani kilojuli 4.8 kwa moli. Kifungo chenyewe kukikata kabisa kunataka kilojuli kama 410. Tofauti ya kamba, basi, ni kama asilimia moja tu ya kina cha kisima. Mtu anaweza kuipuuza.

Asiipuuze, kwa sababu kasi ya mmenyuko haifuati nishati kwa mstari ulionyooka. Molekuli nyingi ziko chini, na wachache wenye bahati ndio wanaopata nishati ya kufika mdomoni. Idadi yao inapungua kwa kipeo kadiri kamba inavyorefuka. Kwenye nyuzi 25, kipimo cha joto, yaani R mara T, ni kilojuli 2.48 kwa moli. Gawanya 4.8 kwa 2.48, unapata 1.93. Sasa chukua kalkuleta, bonyeza e kwa kipeo cha 1.93. Vijana, mmepata ngapi? Ndiyo, 6.9. Hidrojeni inatoka kisimani mara 6.9 kwa kila mara moja ya deuteri. Westheimer alipata kama 6. Kwa hesabu ya chaki iliyotumia mtetemo mmoja tu, tumefika mlangoni kwake.

Mtu makini atauliza: je, molekuli hazikai ngazi za juu zaidi za mtetemo, zikapunguza tofauti hiyo? Kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili ya kifungo cha kaboni na hidrojeni kuna kilojuli kama 35. Kwenye joto la chumba hiki, inayofika huko ni chini kidogo ya molekuli moja katika kila milioni. Karibu zote zimelala kwenye usawa wa maji, ndiyo maana usawa huo unaamua mambo.

Pasha chombo joto hadi nyuzi 100 na mtaona maelezo yanavyojisimamia. Tofauti ya kamba ni ileile, 4.8. Ila R mara T imefika 3.10, na e kwa kipeo cha 1.55 ni 4.7. Joto likipanda, tofauti kati ya isotopu inafifia. Ingekuwa ni uvivu wa uzito, ile 1.41 isingebadilika kwa joto.

Nimewaruka mahali, na ningependa mnikamate kabla sijajisema. Nimehesabu kana kwamba nishati ya nukta sifuri iko chini tu, mdomoni haipo. Kwa nini haipo? Tazama molekuli ilipofika kileleni. Kwenye mmenyuko wetu alkoholi kwanza inajishikiza kwa kromi kupitia oksijeni yake, na hatua hiyo ni ya haraka. Halafu molekuli ya maji inakuja kuichukua ile hidrojeni ya kaboni ya katikati. Kwenye kilele, hidrojeni iko njiani, imeshikwa nusu na kaboni na nusu na oksijeni ya maji. Mwendo ule uliokuwa mtetemo wa kwenda na kurudi sasa ni mwendo wa kwenda tu. Springi haipo, kwa hiyo hakuna cha kuirudisha, na pasipo na springi hapana ½hν. Hidrojeni na deuteri zinavuka mdomo kwa kimo kimoja, au karibu kimoja.

Nasema karibu, kwa sababu kileleni unabaki mtetemo mwingine: kaboni na oksijeni zikivutana huku hidrojeni iko kati yao. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba. Timu zikiwa sawa, kile kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba hakiendi popote, hivyo hakijalishi ni kizito au chepesi. Timu moja ikiwa na nguvu zaidi, kitambaa kinayumba, na uzito wake unaanza kuhesabika. Vivyo hivyo, hidrojeni ikiwa imegawanywa nusu kwa nusu kileleni, tofauti inakuwa kubwa, kama 7. Ikiwa bado imeelemea upande mmoja, deuteri inapata nafuu kidogo hukohuko juu, na tofauti inashuka hadi 4, 3 au hata 2. Kwa hiyo namba ndogo haimaanishi kwamba kifungo hakikatiki. Huenda kinakatika mapema sana au kwa kuchelewa sana.

Turudi kwenye mrija. Namba ya Westheimer ilitatua ubishi. Alkoholi inapogeuka asetoni, hidrojeni ya kaboni inaondoka, hidrojeni ya oksijeni inaondoka, na kromi inaachia. Lakini kipi ndicho kinachoshikilia foleni? Ukiweka deuteri kwenye kaboni ya katikati, kasi inaanguka mara sita. Ukiiweka kwenye kaboni za pembeni, kasi karibu haitikisiki. Kwa hiyo hatua ya polepole ni ile ambamo kifungo cha kaboni ya katikati kinakatwa. Hakuna aliyewahi kuiona molekuli hiyo kileleni. Haiishi muda wa kuonekana. Lakini ukibadilisha nyutroni moja, foleni inakuonyesha mlango uliobanwa.

Sasa neno kwa watakaojaribu maabara. Kosa linalowaumiza wengi ni usafi wa isotopu. Tuseme umenunua alkoholi yenye deuteri, na chupa inasema asilimia 97. Asilimia 3 zilizobaki ni hidrojeni ya kawaida. Unajiambia, asilimia tatu ni nini? Hesabu: sehemu 0.97 zinakwenda kwa kasi ya 1, na sehemu 0.03 zinakwenda kwa kasi ya 6.9. Jumla ni 1.18. Ukigawanya 6.9 kwa 1.18 unapata 5.9 badala ya 6.9. Umepoteza namba nzima kwa uchafu wa asilimia tatu. Na utaujua kwa dalili hii: chukua logi ya alkoholi iliyobaki, ichore dhidi ya muda. Kundi moja la molekuli, huku kromi ikiwa nyingi kupita kiasi, linatoa mstari ulionyooka. Ukiwa na mchanganyiko, mstari unaanza kwa mwinamo mkali kisha unalegea, kwa sababu zile za hidrojeni zinawahi kumalizika. Mstari ukipinda mwanzoni, usiilaumu saa.

Siku nyingine utapima na kupata 1, yaani hakuna tofauti yoyote, na uchafu wala haumo. Mfano ninaoupenda ni wa Lars Melander wa Sweden. Mwaka 1950 alichunguza namna kundi la nitro linavyoingia kwenye pete ya benzini na jamaa zake na kuisukuma hidrojeni itoke. Alitumia tritiamu, isotopu ya hidrojeni yenye nyutroni mbili, ambayo maji yake kisimani yako chini zaidi; kwa hesabu ileile ya kwetu ungetarajia tofauti ya karibu 16. Hakupata kitu. Hidrojeni na tritiamu zilitoka sawasawa. Na bado, mwisho wa mmenyuko, kifungo kimekatika, hilo halina ubishi. Maana yake ni kwamba kinakatika baadaye, foleni ikiwa imeshapita. Kundi la nitro linajishikiza kwanza, polepole. Hidrojeni inaondoka baadaye, haraka, na kwenye hatua ya haraka kamba ndefu au fupi haimcheleweshi mtu.

Mwanafunzi mmoja kabla hatujaanza ameniuliza kama tofauti inaweza kuzidi hiyo 7 kwa kiasi kikubwa. Inaweza, na hapo kisima changu kinavuja. Ndani ya soya kuna kimeng'enya kiitwacho lipoksigenasi, kinachong'oa hidrojeni kwenye asidi ya mafuta. Judith Klinman na wenzake kule Berkeley walipima tofauti ya hidrojeni na deuteri kwenye kimeng'enya hicho, wakapata takriban 80, tena kwenye joto la kawaida. Hakuna urefu wa kamba utakaotoa 80. Nishati ya nukta sifuri ya kifungo kimoja haina akiba kubwa hivyo. Kinachotokea ni kwamba hidrojeni, kwa wepesi wake, haiko nukta moja. Imetandaa kama wingu, na ukuta wa kisima ukiwa mwembamba, ukingo wa wingu hilo unatokea upande wa pili. Hidrojeni inapenya ukuta bila kufika mdomoni. Deuteri, kwa kuwa nzito, wingu lake limejikusanya zaidi, na ukuta uleule kwake ni mnene. Hapo hatulinganishi tena nani ana kamba ndefu. Zote mbili zinapita ukutani, na tunalinganisha wingu la nani linapenya zaidi; dalili yake maabara ni kwamba ukipandisha joto tofauti haishuki kama ile yetu ya kutoka 6.9 hadi 4.7. Kwenye soya inabaki karibu palepale.

Naona mrija umeshakuwa kijani kitupu. Kama kuna maswali, nayapokea, tuanze na yule dada aliyenyoosha mkono tangu kwenye kuvuta kamba.